Barua pepe zinazosubiri uifungue programu: kurekebisha arifa zinazokwamishwa na kuokoa betri

Dalili yake haifichiki. Simu imekaa kimya saa mbili au tatu. Unaishika, unagusa programu ya barua pepe, na mara barua saba zinamiminika kwa mpigo. Simu inalia mfululizo, lakini ukitazama saa iliyo kando ya kila barua unakuta ya kwanza ilitumwa asubuhi. Seva ilizipokea kwa wakati na intaneti haikukatika. Kilichokosekana ni ruhusa ya programu kuamka na kuzichukua wakati kioo kimezimwa.

Nitashughulika zaidi na simu za Android, na hasa akaunti za kazini au za shule zinazotumia IMAP, njia ya kawaida ya programu kusoma barua zilizo kwenye seva, kwa kuwa ndizo zinazoteseka kuliko nyingine. Nitagusia iPhone mwishoni. Majina ya mipangilio nimeyaacha kama yanavyosomeka kwenye simu nyingi. Nafasi yake hutofautiana kidogo kati ya toleo na toleo, kwa hiyo usipoliona jina mahali nilipolitaja, liandike kwenye kisanduku cha kutafutia kilicho juu ya ukurasa wa Settings.

Anza na hali ya ndegeni

Kabla ya kugusa mpangilio wowote wa betri, jua kwanza una tatizo gani kati ya mawili. Huenda barua haijafika kwenye simu kabisa. Huenda pia imefika, imo ndani ya programu, ila arifa yake haikulia wala kuonekana. Kwa mtumiaji yote mawili yanafanana, lakini tiba zake ni mbali kabisa, na watu wengi hupoteza siku nzima wakibadilisha mipangilio ya betri ilhali kosa liko kwenye sauti.

Namna ya kuyatenganisha ni rahisi. Jitumie barua kutoka akaunti nyingine, acha simu imelala mezani kwa muda wa saa moja, kisha kabla ya kufungua programu washa hali ya ndegeni, ile yenye alama ya ndege. Hakikisha Wi-Fi nayo imezimika. Sasa fungua programu. Kwa kuwa simu haina mtandao, hutaona ila kile kilichokwisha kuchukuliwa.

Ukiikuta barua imo, basi ilifika. Nenda Settings, Apps, programu yako, kisha Notifications, na uangalie aina za arifa moja moja. Mara nyingi arifa za akaunti moja zimewekwa Silent, au zimezimwa huku za akaunti nyingine zikiendelea. Kwenye Gmail kuna jambo la ziada: ndani ya mipangilio ya akaunti yenyewe kuna Notifications yenye machaguo ya All, High priority only na None, na hilo la kati huacha barua nyingi za kawaida zipite bila sauti. Kagua pia Do Not Disturb. Ukimaliza hayo, huenda huhitaji kuendelea na mwongozo huu.

Usipoikuta, na ikaingia tu baada ya kuzima hali ya ndegeni, programu ilikuwa imelazwa. Endelea.

Kinachotokea kioo kikizimika

Tangu Android 6.0, iliyotoka mwaka 2015, simu ina utaratibu wa kulala unaoitwa Doze. Ikiwa haichajiwi, haisogezwi, na kioo kimezimwa kwa muda, mfumo hukata mtandao wa programu zilizo nyuma na kuahirisha kazi zao zote za kusawazisha. Mara kwa mara hufungua kidirisha kifupi, programu zote zinakimbilia mtandaoni kwa pamoja, kisha hufungwa tena. Kadiri simu inavyozidi kukaa bila kuguswa, ndivyo vidirisha hivyo vinavyozidi kuachana. Ndiyo maana barua za saa nne usiku hukawia kuliko za mchana. Android 7.0 ya mwaka 2016 iliongeza usingizi mwepesi zaidi, unaoingia hata simu ikiwa mfukoni unatembea nayo.

Mwaka 2018, Android 9 ikaja na jambo jingine: mfumo hutazama unazitumia programu zako mara ngapi na kuzipanga katika makundi. Unayoifungua kila saa hupewa nafasi ya kufanya kazi nyuma. Unayoifungua mara moja kwa wiki hubanwa. Hapa ndipo mtego ulipo kwa barua pepe, kwa sababu mtu anayesubiri arifa hafungui programu. Asipoifungua inashushwa kundi, ikishushwa arifa zinazidi kuchelewa, na yeye anazidi kuamini kwamba hakuna barua.

Juu ya hayo, watengenezaji wengi wa simu wameongeza zana zao wenyewe za kuokoa betri, na hizo huwa kali kuliko za Android yenyewe. Nitazirudia.

Kuna swali moja ambalo jibu lake litakueleza ni tiba ipi inakufaa: barua yako huijia simu kwa njia gani? Njia ya kwanza ni ya pamoja. Google Play services huweka muunganisho mmoja ulio wazi na seva za Google kwa niaba ya programu zote, kama bawabu mmoja anayepokea wageni wa jengo zima. Barua ikiingia kwenye akaunti ya Gmail, seva hutuma ishara kupitia hapo, na ishara iliyotiwa alama ya dharura inaruhusiwa kuiamsha programu hata ikiwa katikati ya Doze. Njia ya pili ni programu kujitegemea. Programu kama K-9 Mail, Thunderbird au FairEmail, zikiunganishwa na seva ya kawaida ya IMAP, hazina mtu wa kuziamsha kutoka nje. Ama zinashikilia muunganisho wao wenyewe na seva, ama zinakwenda kuangalia kila baada ya muda fulani. Programu ya njia ya pili haiwezi kustahimili usingizi wa mfumo bila ruhusa maalumu. Ndiyo sababu simu moja inaweza kulia mara moja kwa barua ya Gmail na kunyamaza saa tatu kwa barua ya ofisini, na mwenye simu akailaumu seva ya ofisi bure.

Thibitisha kwamba ni betri kwa barua tatu

Sipendi kumwona mtu akibadilisha mipangilio kumi kwa mkupuo, kwa sababu tatizo likiisha hajui lipi lililoliponya, na likirudi anaanza upya. Barua tatu za majaribio zinatosha kuonyesha kosa liko wapi. Zitume kutoka akaunti nyingine, na kila moja ipe kichwa kinachoonyesha saa uliyoituma.

Ya kwanza itume huku kioo kikiwa kimewaka na umefungua programu nyingine yoyote. Isipofika hapo, usilaumu betri, kwa kuwa simu iko macho kabisa. Tazama kama kusawazisha kumezimwa. Kwenye Gmail, ingia mipangilio ya akaunti uone kama Sync Gmail imewekwa alama. Kwenye programu za IMAP, tazama kama muda wa kuangalia barua umewekwa Never.

Ya pili itume simu ikiwa kwenye chaja, kioo kimezimwa, baada ya kuiacha kwa muda wa saa moja. Doze haifanyi kazi simu inapochajiwa, kwa hiyo barua hii inapaswa kufika.

Ya tatu itume simu ikiwa nje ya chaja, imelala mezani bila kuguswa kwa saa moja au zaidi. Usiiguse hata kuangalia saa, kwa kuwa kuwasha kioo kunaiamsha.

Ikiwa ya kwanza na ya pili zimefika ila ya tatu imekwama, umempata mhusika: ni kuokoa betri. Ikiwa zote zinafika kwa Wi-Fi lakini zinakwama kwa data ya simu, mhusika ni Data Saver. Fungua Settings, Apps, programu yako, Mobile data, kisha washa Background data pamoja na Unrestricted data usage. Na ikiwa ya pili nayo imekwama simu ikiwa kwenye chaja, mshuku zaidi mtengenezaji wa simu kuliko Android, kwani zana zake haziangalii sana kama simu inachajiwa.

Ondoa programu kwenye uangalizi wa betri

Sasa ingia Settings, Apps, chagua programu ya barua pepe, kisha fungua ukurasa wa betri, unaoandikwa Battery au App battery usage. Kuanzia Android 12 utakuta machaguo matatu: Unrestricted, Optimized na Restricted. Restricted ikiwa ndiyo iliyochaguliwa, tatizo lako limejieleza lenyewe. Optimized ndiyo chaguo la kawaida la mfumo, na kwa Gmail yenye akaunti ya Google hutosha. Kwa programu inayojitegemea, weka Unrestricted.

Kwenye baadhi ya simu mpya unaona swichi moja tu, Allow background usage. Watu wengi huikuta imewashwa na kudhani kazi imekwisha. Gusa maneno yenyewe badala ya swichi. Ukurasa mwingine utafunguka, na humo ndimo Unrestricted ilipo.

Kwenye simu za zamani zaidi, tafuta Battery optimization, badili orodha ionyeshe All apps, chagua programu yako, kisha Don't optimize.

Ukiwa hapo hapo, tazama Battery Saver ya simu nzima. Wengi huiweka ijiwashe betri ikifika kiwango fulani, wakaisahau. Barua zinazofika vizuri asubuhi na kukwama kila jioni mara nyingi ni kwa sababu hiyo tu: jioni betri imeshuka na swichi imejiwasha.

Rudia barua ya tatu. Usiendelee na hatua inayofuata kabla ya kupata jibu lake.

Zana za mtengenezaji

Hapa ndipo wengi hukwama, kwa kuwa Unrestricted ya Android haizimi zana za kampuni iliyotengeneza simu. Ni walinzi wawili wasiosemezana, na kila mmoja anahitaji kuambiwa.

Kwenye Samsung, fungua Battery, kisha Background usage limits. Utaona orodha tatu. Programu zilizo kwenye Sleeping apps huruhusiwa kufanya kazi nyuma mara chache tu. Zilizo kwenye Deep sleeping apps hazifanyi kazi kabisa mpaka uzifungue mwenyewe, na hiyo ndiyo dalili tuliyoanza nayo, neno kwa neno. Iondoe barua pepe kwenye orodha hizo mbili, kisha iongeze kwenye ya tatu, Never auto sleeping apps. Kuiondoa peke yake hakutoshi, kwa sababu simu inaweza kuirudisha ikiona hujaifungua kwa siku kadhaa.

Kwenye Xiaomi, Redmi na Poco kuna mambo mawili, na yote yanahitajika. Fungua ukurasa wa programu yako chini ya Manage apps. Washa Autostart, halafu kwenye Battery saver ya programu hiyo chagua No restrictions. Autostart inairuhusu programu ijiwashe yenyewe bila kuguswa, kwa mfano baada ya simu kuzimwa na kuwashwa. No restrictions inazuia isiuawe ikishawaka. Ukiwasha moja na kuacha nyingine utapata nafuu ya siku moja au mbili tu.

Kwenye Huawei, ingia Battery, kisha App launch. Zima uendeshaji wa moja kwa moja wa programu hiyo, na kwenye kijidirisha kinachotokea washa swichi zote tatu: Auto-launch, Secondary launch na Run in background. Kwenye Oppo na Realme, ukurasa wa betri wa programu una Allow background activity na Allow auto launch. Kwenye Tecno na Infinix, mbali na mipangilio ya kawaida, kuna programu ya Phone Master iliyokuja na simu. Ndani yake tafuta sehemu inayoruhusu programu kujiwasha zenyewe, na uiruhusu ya barua pepe.

Kuna kosa moja linalofanywa kwa nia njema. Mtu anaona simu nzito, anabonyeza kitufe cha kusafisha kumbukumbu, au anaingia ukurasa wa programu na kubonyeza Force stop. Programu iliyosimamishwa kwa Force stop huwekwa alama na mfumo: isiamshwe na chochote, hata ishara ya dharura kutoka Google, mpaka mwenye simu aifungue kwa mkono wake. Katika Android ya kawaida, kuifuta programu kwenye orodha ya zilizotumika karibuni si sawa na Force stop. Lakini zipo simu ambazo mtengenezaji amezifanya zichukulie kufuta huko kama kusimamisha. Ukiona barua zinakwama kila baada ya kufagia orodha hiyo, acha kuifagia programu ya barua, au tumia alama ya kufuli ambayo simu nyingi huweka juu ya kadi ya programu kwenye orodha hiyo.

Kwa programu usiyoifungua kwa miezi, kuna swichi nyingine chini ya ukurasa wake, Pause app activity if unused. Kwa programu ya barua izime, hasa ikiwa ni akaunti ya pili unayoifungua kwa nadra.

Mipangilio ndani ya programu ya barua

Ruhusa zote hizo ni bure ikiwa programu yenyewe haijaagizwa kusubiri barua. IMAP ina amri ya IDLE, iliyowekewa kanuni mwaka 1997, ambayo kwayo programu huiambia seva: sitaki kuuliza kila mara, nijulishe kikiingia kitu. Seva inaweza kuukata muunganisho uliokaa kimya, kwa hiyo kanuni inashauri programu iikatishe IDLE na kuituma upya angalau kila dakika 29. Maana yake programu inahitaji kuamka kwa saa yake hata kama hakuna barua. Ndiyo sababu usingizi wa simu unaiumiza hivyo.

Kwenye K-9 Mail na Thunderbird, IDLE huwashwa kwa kila folda. Nenda Manage folders, gusa Inbox, na uwashe swichi ya Push. Ikishawaka, programu huweka arifa ya kudumu juu ya kioo, Waiting for new emails. Wengi huichukia na kutaka kuiondoa. Mimi nashauri uitunze, kwani hiyo ndiyo inayouambia mfumo kwamba programu iko kazini, na pia ndiyo kipimo chako cha haraka: isipokuwepo, hakuna anayesubiri barua. Unaweza kuificha isionekane kwa kuzima aina yake ya arifa, na programu ikaendelea kufanya kazi, ila utapoteza kipimo hicho.

Kwenye Android 14 na kuendelea, programu hizi huhitaji pia ruhusa ya Alarms & reminders, iliyo chini ya Special app access. Bila hiyo haziwezi kuamka kwa wakati kuufufua muunganisho.

Ikiwa seva haina IDLE, au akaunti ni ya POP3, njia ya zamani zaidi ya kupakua barua, lililobaki ni kuangalia kwa vipindi. Android haikubali kazi ya kujirudia ya nyuma iwe chini ya kila dakika 15, na programu iliyo kwenye Optimized haitapata hata hizo 15 simu ikiwa usingizini. Hilo pia ndilo lililoko ukiweka akaunti ya IMAP ndani ya Gmail: inaangaliwa kwa vipindi, si kwa ishara. Kama unahitaji barua ya ofisini ndani ya dakika moja, Gmail si mahali pake.

Mfano: barua za ofisini za mhasibu

Mhasibu mmoja niliyemsaidia alikuwa na akaunti mbili. Ile ya Gmail ililia kila mara. Ile ya kazini, ya IMAP, iko kwenye programu tofauti na ilinyamaza kila alipoiacha simu mezani wakati wa vikao. Alikuwa ameshaandikiana na mtu wa mitambo wa ofisini kwao, na kila mmoja akamwelekezea mwenzake kosa.

Nilimwomba kwanza afanye jaribio la hali ya ndegeni. Programu ikafunguka bila barua mpya hata moja. Kwa hiyo hazikuwa zimefika. Tukatuma barua tatu. Ya kioo kilichowaka iliingia papo hapo, ya kwenye chaja ikaingia, ya mezani ikakwama hadi alipofungua programu. Seva ya ofisi ikawa imesafika, maana seva haijui kama simu iko kwenye chaja.

Programu yake ilikuwa Optimized. Tukaweka Unrestricted, tukarudia barua ya tatu, ikaingia simu ikiwa imelala. Siku hiyo nzima mambo yakawa sawa. Kesho yake asubuhi akanipigia: “Kaka, zimekwama tena. Nimefungua programu ndipo zikaja zote za usiku.”

Nilimuuliza kama aliizima simu usiku. Aliizima, kama afanyavyo kila siku. Hapo jibu likapatikana. Unrestricted iliilinda programu isiuawe ikiwa imewaka, lakini baada ya simu kuwashwa upya hakuna aliyeiruhusu ijiwashe, kwa kuwa ruhusa ya kujiwasha iko kwenye zana ya mtengenezaji na ilikuwa imezimwa. Alipoifungua kwa mkono, ikafufuka. Tukaiwasha ruhusa hiyo, akazima simu, akaiwasha, na bila kugusa programu tukamtumia barua. Simu ikalia.

Jaribio hilo la mwisho liongeze kwenye orodha yako: zima simu, iwashe, weka namba yako ya siri mara moja ili hifadhi ifunguke, kisha iache bila kufungua programu ya barua na ujitumie ujumbe. Ukiruka hatua hiyo, unaweza kudhani umepona kumbe umesogeza tatizo hadi kesho.

Kwa mwenye kompyuta: usisubiri saa moja

Kusubiri simu isinzie ni kazi ya kuchosha. Ukiwa na kompyuta yenye adb, zana ya kuiamuru simu ya Android kutoka kompyuta, na umewasha USB debugging kwenye simu, unaweza kuilazimisha ilale. Zima kioo kwanza, kisha:

```
adb shell dumpsys battery unplug
adb shell dumpsys deviceidle force-idle
```

Amri ya kwanza huifanya simu iamini haiko kwenye chaja, ingawa waya umechomekwa. Ya pili huiingiza kwenye Doze papo hapo. Jitumie barua sasa na utazame. Ukimaliza, rudisha hali ya kawaida, la sivyo simu itaendelea kuonyesha taarifa za betri zisizo za kweli:

```
adb shell dumpsys deviceidle unforce
adb shell dumpsys battery reset
```

Unaweza pia kuuliza programu yako imewekwa kundi gani. Kwa K-9 Mail:

```
adb shell am get-standby-bucket com.fsck.k9
```

Jibu ni namba. 5 maana yake imesamehewa makundi, na ndiyo unayotarajia baada ya kuweka Unrestricted. 10 ni inayotumika sasa, 20 na 30 ni za matumizi ya kawaida, 40 ni ya nadra, na 45 ni iliyofungiwa. Ukiona 40 au 45 kwa programu ya barua, huna haja ya kutafuta zaidi chanzo cha kuchelewa. Lakini namba hii inaonyesha uangalizi wa Android peke yake. Zana za mtengenezaji hazionekani hapa, kwa hiyo 5 pamoja na barua zilizokwama inakuelekeza moja kwa moja kwake.

Betri itaumia kiasi gani

Muunganisho wa IDLE usiopitisha kitu hula kidogo sana, kwani redio ya simu huamka kwa nadra tu kuufufua. Kinachokula betri ni mtandao dhaifu, ambapo muunganisho hukatika na kuungwa tena mara kwa mara, na pia kuwasha Push kwenye folda nyingi, maana kwa kawaida kila folda hushikilia muunganisho wake. Iwashe kwa Inbox tu. Folda za matangazo na kumbukumbu ziache ziangaliwe kwa vipindi. Vilevile usizipe programu zote Unrestricted kwa hasira. Chagua ile ambayo barua yake ikichelewa inakudhuru, na uiache mitandao ya kijamii ilale.

Kwa wenye iPhone

iPhone haina orodha ndefu hivyo. Tazama kwanza rangi ya alama ya betri: ikiwa ya njano, Low Power Mode imewaka, na ikiwaka huzima uchukuaji wa barua wa nyuma pamoja na Background App Refresh. Ukiiwasha kwa mkono, hujizima yenyewe betri ikichajiwa hadi asilimia 80.

Kisha fungua mipangilio ya akaunti za Mail na uingie Fetch New Data. Akaunti ya iCloud inaweza kuwekwa Push. Akaunti ya Gmail ndani ya Mail ya Apple haina Push, ni Fetch tu, na ratiba ya Automatically huchukua barua nyuma pale tu simu inapochajiwa ikiwa kwenye Wi-Fi. Hilo linaeleza kwa nini watu wengi wa iPhone huzipata barua zote asubuhi wakiichomoa simu kwenye chaja, kisha kimya hadi jioni. Chagua kila dakika 15, au sakinisha programu ya Gmail yenyewe, ambayo hupokea ishara kutoka seva.

Kwa Android, andika mahali swichi ulizobadilisha. Sasisho kubwa la mfumo linaweza kuzirudisha zilivyokuwa, hasa zile za mtengenezaji, na barua zikianza tena kusubiri uzifungulie utajua pa kuangalia kwanza: ruhusa ya kujiwasha, kisha Unrestricted, kisha orodha za programu zilizolazwa.